Uzi: Mkenya, niko Pemba tangu 2010, nataka kuomba uraia wa tajnisi. Miaka inahesabiwa vipi, na niandike nini kuhusu jamii?

MvitaChake
Assalaam alaykum wanabarza. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na niko Chake Chake tangu Januari 2010. Nasomesha fizikia na kemia skuli ya binafsi. Mke wangu ni wa Wete, tulioana 2012, na watoto wetu watatu wote wamezaliwa hapa hapa Pemba. Mwezi huu wa Machi nilikusudia kupeleka maombi ya uraia Uhamiaji. Fomu ninayo, picha ninazo, lakini nimekwama sehemu mbili.

Ya kwanza ni miaka ya kukaa. Nimeandika "miaka 16", jamaa yangu mmoja akaniambia nifute, eti haiandikwi hivyo. Ya pili ni kueleza mchango wangu na mahusiano yangu na jamii. Nimeandika mistari mitatu, maneno yakaniishia.

Naiweka hali yangu wazi ili nisaidiwe kwa ukweli. Septemba 2014 mpaka mwisho wa Agosti 2016 nilirudi Mombasa kumaliza digrii, nikija huku likizo tu. Januari mpaka mwisho wa Septemba 2019 nilikuwepo Chake, lakini bila kibali cha ukaazi: skuli niliyokuwa nayo ilikataa kunihuishia, na ile mpya ikachelewa kuniombea, kwa hiyo nilikuwa kwa pasi ya matembezi. Mwaka 2020 korona ilinikuta Mombasa nikakaa kama miezi sita. Zaidi ya hapo kila mwaka huenda wiki tatu hivi kumtazama mama. Na Desemba iliyopita nilikwenda wiki mbili msibani kwa ami yangu. Vibali vyangu vyote ni daraja B, vile vya ajira.

MchangaWaKojani
Waalaykum salaam mwalimu. Mbona wajitesa? Umeoa Mpemba, basi umeshamaliza. Sheria inasema aliyeoana na Mtanzania anaomba kwa ndoa, hahesabiwi miaka. Chukua cheti cha ndoa, mchukue na mkeo, nenda nae. Shemegi yangu Mkenya alifanya hivyo hivyo na sasa ana pasipoti ya Tanzania.

KaraniWaDarajani
Mchanga, huyo shemegi yako ni mwanamke au mwanamme?

MchangaWaKojani
Mwanamke, kaolewa na kaka yangu.

KaraniWaDarajani
Ndipo hapo. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 11, inamzungumzia mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania. Huyo ndiye anayeomba kwa njia ya ndoa, na anaomba wakati mumewe yu hai. Mwanamme aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, anapita mlango wa wageni wote. Kama ni haki au si haki ni mjadala wa siku nyingine, lakini mwalimu akienda na cheti cha ndoa peke yake atarudishwa.

Ndoa haipotei bure, mwalimu. Itakufaa kwenye sehemu ya pili, inaonesha kwamba unakusudia kuendelea kuishi hapa. Haikupunguzii miaka tu.

Sasa nije kwenye miaka. Nimefanya kazi ya ukarani kwa mawakili muda mrefu na maombi haya nimeyapiga taipu mengi, na kosa linalojirudia ni hilo la kuandika "nimekaa miaka 16". Sheria haikuulizi umekaa miaka mingapi tangu ufike. Jedwali la Pili linatazama miaka 11 ya mwisho tu, tena imeigawa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni miezi 12 inayoishia siku unayoomba, na hiyo lazima uwe umekaa nchini muda wote. Kipande cha pili ni miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12. Humo unatakiwa ujumlishe ukaazi usiopungua miaka 7. Si lazima iwe mfululizo, inajumlishwa.

Kwa hiyo miaka yako ya 2010 mpaka 2014 hapo mwanzo, uliyokaa vizuri na vibali vyote, kwenye hesabu haimo. Itaje kwa maelezo ya maisha yako, lakini haikubebei kitu.

MvitaChake
Subhanallah. Miaka ile ndiyo niliyokuwa nikiitegemea zaidi. Basi nikipeleka Machi hii nimo au simo?

KaraniWaDarajani
Tuchukue umepeleka tarehe 1 Machi 2026. Miezi 12 yako ni kuanzia 1 Machi 2025 mpaka mwisho wa Februari 2026. Miaka 10 yako ni kuanzia 1 Machi 2015 mpaka mwisho wa Februari 2025. Katika miaka 10 unaruhusiwa kukosekana miaka 3, yaani miezi 36. Sasa tutoe.

Masomo ya Mombasa: kuanzia Machi 2015 mpaka Agosti 2016 ni miezi 18. Ile miezi sita ya mwanzo ya masomo yako imeshaanguka nje ya dirisha la miaka 10, haikudhuru. Likizo ulizokuja usizihesabu, ulikuwa ukija kama mgeni.
Miezi ya 2019 bila kibali: 9.
Korona: 6.
Safari za kumtazama mama, wiki tatu tatu kwa miaka minane hivi uliyokuwepo: tuseme miezi 6 tukizidisha kidogo.

Jumla 39. Umezidi miezi 3. Ukienda Machi hii, kwa hesabu yangu umepungukiwa.

FundiMkoani
Samahani karani, hapo kwenye 2019 sikubali. Jedwali limesema kukaa, halikusema kukaa kwa kibali. Mtu alikuwepo Chake, kalala Chake, kasali Ijumaa Chake, sheha anamjua. Kwa nini umtoe miezi 9? Ukiirudisha hiyo anabaki na 30, na amepita.

KaraniWaDarajani
Hoja yako ina uzito, na wakili mzuri anaweza kuisimamia. Lakini faili halisomwi na wakili, linasomwa na afisa, na yeye anaweka vibali vyako mezani mstari kwa mstari. Pale pasipo na kibali anaona shimo. Pasi ya matembezi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu karatasi yenyewe inasema ulikuja kutembea. Mimi siku zote naipiga hesabu kwa upande mgumu. Ikipita huko, itapita kote.

FundiMkoani
Kwa hiyo hata wewe hujui kama inahesabiwa.

KaraniWaDarajani
Nimeona iliyopita na nimeona iliyokataliwa, na ile iliyokataliwa hakuna aliyeambiwa sababu. Kifungu cha 23 kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake haupelekwi mahakamani kupitiwa. Ndiyo maana nasema usipeleke faili ambalo kupita kwake kunategemea huruma ya mtu kwenye jambo moja.

PajeKusini
Nyote mnazunguka tu. Mwalimu, kata ZanID, umekaa Pemba miaka yote hiyo unastahiki. Ukishakuwa na ZanID uraia wa nini tena? Utapiga na kura.

KaraniWaDarajani
Hapana, hapana. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anapewa Mzanzibari, na Mzanzibari kwa sheria ya 1985 lazima awe Mtanzania kwanza. Mkaazi asiyekuwa Mzanzibari ana kitambulisho chake tofauti, na hicho hakimfanyi mtu raia. Uraia ni jambo la Muungano, unaamuliwa na Waziri wa Mambo ya Ndani. Uzanzibari ni jambo la hapa. Hata mwalimu akipewa tajnisi kesho, hawi Mzanzibari siku hiyo hiyo, hiyo ni safari nyengine yenye masharti yake.

Na nakuomba, Paje, ushauri huo usimpe mtu mwengine. Mgeni akikamatwa na kitambulisho kisichokuwa chake, faili la uraia limekufa hapo hapo, maana sharti jengine la tajnisi ni tabia njema.

PajeKusini
Haya bwana, nimesikia. Mimi nilidhani ni kitu kimoja.

MvitaChake
Karani, Allah akujaze kheri. Basi nisubiri mpaka lini?

KaraniWaDarajani
Uzuri wa dirisha hili ni kwamba linasogea pamoja na wewe. Ukipeleka 1 Agosti 2026, miaka 10 inaanzia 1 Agosti 2015. Masomo yanabaki miezi 13 badala ya 18. Jumla ya kukosekana inakuwa 34, yaani umekaa miezi 86 na kinachotakiwa ni 84. Umepita, lakini kwa uzi mwembamba. Na ile safari ya msiba wa Desemba 2025 inaangukia ndani ya miezi 12 ya mwisho, ambako sheria inataka muda wote.

Ukisubiri mpaka 1 Januari 2027, dirisha la miaka 10 linaanzia Januari 2016. Masomo yanabaki miezi 8, jumla 29. Msiba wa Desemba nao unaingia kwenye kipande cha miaka 10, ambako wiki mbili si kitu. Lakini hapo mwaka wote wa 2026 usitoke.

MvitaChake
Mtihani huo. Mdogo wangu anaoa Julai, Mombasa, na mimi ndiye niliyesimama pahala pa baba. Nisiende?

FundiMkoani
Nenda bwana! Siku nne tano za harusi haziwezi kumvunjia mtu ukaazi. Mtu anaishi pale penye nyumba yake na wanawe. Ukienda sokoni Konde umehama Chake?

KaraniWaDarajani
Watu wengi wanaisoma kama Fundi, kwamba safari fupi haikatizi ukaazi, na nimeona maafisa wasioigusa. Nimeona pia aliyeambiwa akarudi baada ya kutimiza mwaka mzima bila kutoka. Mwalimu, jambo hilo liulize afisi ya Uhamiaji ya mkoa wako kabla hujakata tiketi, na uliulize kwa barua, ili jibu nalo liwe la maandishi.

BintiNgazija
Naomba niingie hapo hapo. Sisi bibi yetu mzaa baba alikuja kwa jahazi kutoka Ngazija. Baba kazaliwa Unguja, Malindi, 1959, na hajawahi kutoka. Ana cheti cha kuzaliwa cha zamani, lakini kila akitaka pasipoti anaulizwa habari za mamaake. Nimesikia Wamakonde na Wangazija wamepewa uraia Unguja. Na yeye ajaze hiyo fomu ya tajnisi? Miaka si tatizo, ana maisha mazima.

KaraniWaDarajani
Dada yangu, kesi yako si ya mwalimu kabisa, na nakuomba baba asijaze kitu kwanza. Wale uliowasikia waliandikishwa kama kundi, ni watu wa asili ya Msumbiji, Komoro na Burundi waliokaa Zanzibar vizazi na vizazi bila uraia wowote. Serikali ilishughulikia pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na walikuwa zaidi ya 3,000. Kama jina la baba limo au halimo, hilo unaliuliza Uhamiaji, afisi kuu ya Zanzibar pale Kilimani.

Lakini mtu aliyezaliwa Unguja kabla ya Muungano yumkini ni raia tayari, inategemea alikuwa nani kwa sheria za Zanzibar siku ya mwisho kabla ya tarehe 26 Aprili 1964. Anachohitaji huyo ni kutambuliwa. Akijaza fomu ya tajnisi amekwisha kusema kwa mkono wake kwamba yeye ni mgeni, na karatasi hiyo itamfuata mpaka kwa wajukuu. Mtafutieni wakili, au muende kituo cha msaada wa kisheria, na cheti hicho cha 1959 msikitoe mkononi. Toeni fotokopi.

BintiNgazija
Na kama cheti chenyewe jina la bibi limeandikwa vyengine? Kwenye cheti ni Mwanaisha, kwenye kila kitu chengine ni Aisha.

KaraniWaDarajani
Kiapo cha kuoanisha majina mbele ya wakili, kisha mzee wa ukoo au wa mtaa aandike kwamba ni mtu mmoja. Lakini ifungulie uzi wake dada, hii ni habari kubwa na hapa itapotea.

ShehaMstaafu_Wete
Vijana, mimi nimekuwa sheha miaka mingi, na barua hizi za kumtambulisha mkaazi nimeandika mpaka mkono umechoka. Nataka nimwambie mwalimu jambo moja. Mtu akija kwangu akisema "sheha niandikie nimekaa hapa tangu 2010", sheha mwenye huruma anaandika hivyo hivyo: anaishi katika shehia yangu tangu 2010 mpaka leo. Kumbe mtu mwenyewe kwenye fomu ameandika alikuwa Mombasa 2014 mpaka 2016. Afisa anazo karatasi mbili, moja inasema yupo na nyengine inasema hayupo. Sasa nani mwongo, sheha au wewe? Hapo unaitwa wewe na ninaitwa mimi.

Mwambie sheha wako aandike kama ilivyo: alihamia 2010, akaondoka kwa masomo, akarejea, anaishi nyumba fulani. Na kama ulihama shehia ndani ya Chake, kila shehia itoe barua ya muda wake. Sheha wa Tibirinzi hawezi kukushuhudia ulipokuwa Wara.

MvitaChake
Mzee shikamoo. Kweli nilianza Wara, nikahamia Tibirinzi 2017. Na barua niliyonayo ni moja tu, na imeandikwa "tangu 2010".

ShehaMstaafu_Wete
Marahaba. Irejeshe, aandike upya. Hawezi kukukatalia, ni kazi yake.

NilipitaHuko
Mimi ni mzaliwa wa Uganda, nipo Unguja, tajnisi nimeshaipata, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho. Karani yuko sawa kwenye miaka. Nataka niseme habari ya mihuri.

Kwenye mahojiano afisa aliichukua pasipoti yangu ya zamani akaifungua ukurasa kwa ukurasa, kimya kimya, kidole kwenye karatasi yangu ya safari na kidole chengine kwenye muhuri. Akasimama pahala. "Hapa umesema mwezi wa saba ulikuwa Unguja. Muhuri huu wa Namanga wa nani?" Ilikuwa safari ya siku mbili niliyoisahau. Hakukasirika, aliniambia tu niandike maelezo na kusaini. Baada ya hapo maswali yalikuwa mengi zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mwalimu, kaa na pasipoti zako zote, ya zamani iliyokatwa ncha na ya sasa, uandike kila kutoka na kila kuingia kwa tarehe ya muhuri, usiandike kwa kumbukumbu. Wewe una shida nyengine ambayo mimi sikuwa nayo. Nyinyi wa Mombasa na Pemba mnavuka kwa vyombo vidogo, na mara nyengine muhuri hakuna. Safari hizo ziandike pia, na ueleze kwamba hazina muhuri. Ukiziacha, na jirani mmoja akazitaja, utaonekana umeficha.

MvitaChake
Jirani atazitajaje?

NilipitaHuko
Utatangaza gazetini. Tangazo la kusudio la kuomba uraia linatoka kwenye gazeti la kila siku, matoleo mawili yanayofuatana, lina jina lako na makaazi yako, na linasema mwenye sababu ya wewe usipewe uraia aandike Uhamiaji na kusaini. Unatunza magazeti yenyewe mazima, usikate kipande. Na kabla ya kufika kwa Waziri, faili linapita kwa sheha, wilayani, mkoani, kwenye kamati za usalama. Kwangu mimi walikuja mpaka dukani ninaponunua mkate kuuliza tabia zangu. Muuza mkate ndiye aliyeniambia.

PajeKusini
Kumbe hata deni la mkate linaweza kukunyima uraia 😂

NilipitaHuko
Cheka, lakini nilikuwa nadaiwa kweli. Jioni ile ile nililipa.

KaraniWaDarajani
Tuje sehemu ya pili sasa, ile ya jamii. Mwalimu, ibandike hiyo mistari mitatu tuione.

MvitaChake
Hii hapa: "Ninaishi vizuri na majirani zangu na nashiriki katika shughuli zote za kijamii. Ninaipenda Tanzania na watu wake wakarimu. Nimechangia maendeleo ya elimu Pemba kwa muda mrefu."

KaraniWaDarajani
Haina kosa, lakini afisa haiwezi kumfikisha popote, maana hakuna hata jambo moja humo analoweza kulithibitisha. Jedwali linataka kujua kama mtu amechangia au anaweza kuchangia uchumi, sayansi na ufundi, au ustawi wa jamii na utamaduni wa taifa. Wewe una kitu ambacho wengi hawana, unasomesha sayansi. Anzia hapo. Umesomesha darasa gani, tangu lini, una karatasi ya nani? Na nje ya mshahara unafanya nini?

MvitaChake
Jumamosi nasomesha fizikia bure vijana wa kidato cha nne wa skuli ya serikali jirani, tangu 2017, mwalimu mkuu wao ananijua. Niko kamati ya msikiti wa mtaani, nashika daftari la michango ya maiti. Nyumba tunayoishi tumejenga na mke wangu, kiwanja ni chake. Na 2022 nilisaidia kuweka maabara ndogo kwenye skuli yetu, vifaa tulivitengeneza wenyewe. Lakini la msikiti niliona aibu kuliandika, naona kama najisifu kwa ibada.

ShehaMstaafu_Wete
Usiandike kuwa unasali, hilo ni lako na Mola wako. Andika kuwa unashika daftari la maiti. Mtaa haumpi mgeni daftari la fedha, na kila afisa wa Kizanzibari analijua hilo.

KaraniWaDarajani
Mzee amemaliza kila kitu. Mimi ningeiandika hivi, urekebishe mwenyewe:

"Nimesomesha fizikia na kemia Chake Chake tangu 2010, isipokuwa kipindi cha masomo yangu Mombasa, Septemba 2014 hadi Agosti 2016, kipindi cha kubadilisha skuli mwaka 2019, na miezi kama sita ya korona mwaka 2020 niliyokuwa Mombasa (barua za waajiri wawili). Tangu 2017 nasomesha fizikia bila malipo kila Jumamosi wanafunzi wa kidato cha nne wa skuli ya serikali (barua ya mwalimu mkuu). Mwaka 2022 nilishiriki kutengeneza vifaa vya maabara ya skuli ninayofanyia kazi (barua ya skuli na picha). Ni mweka daftari la michango ya maiti wa mtaa wetu, Tibirinzi (barua ya kamati, imethibitishwa na sheha). Mke wangu na watoto wetu watatu ni raia wa Tanzania na tunaishi katika nyumba tuliyoijenga (cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja kwa jina la mke wangu)."

Kila sentensi ina karatasi yake nyuma. Isiyokuwa na karatasi, itoe. Na kiwanja kiache kwa jina la mkeo kama kilivyo, asije mtu akakushauri ukibadilishe ili uonekane una mali. Wewe bado mgeni na ardhi ina sheria zake.

MchangaWaKojani
Na hiyo ya upendo kwa Tanzania hamkuiweka? Mimi naona ipo haja, wakuu wanapenda.

KaraniWaDarajani
Atakula kiapo cha utii siku akikubaliwa, ataisema hapo kwa mdomo.

MvitaChake
Jambo la mwisho. Kenya sasa inaruhusu uraia wa nchi mbili. Je, nianze kuukana uraia wa Kenya mapema ili waone nina nia ya kweli? Kaka yangu ananiambia nianze.

NilipitaHuko
Usithubutu! Mimi niliambiwa niukane baada ya barua ya kukubaliwa, nikaleta uthibitisho, ndipo nikapewa cheti. Ukiukana leo na huku ukakataliwa, utakuwa huna nchi. Na kibali chako cha B kimegongwa kwenye pasipoti ya nani? Ya Kenya. Ikiondoka hiyo, huna ukaazi pia.

KaraniWaDarajani
Na ujue kwamba Kenya ikiruhusu si kwamba Tanzania inaruhusu. Huku mtu mzima ana uraia mmoja. Afueni yako ni kuwa katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyekuwa raia kwa kuzaliwa njia ya kuomba kurejeshewa. Lakini hilo si la kulitamka kwenye mahojiano, maana pale wanataka kusikia kwamba unakusudia kubaki.

FundiMkoani
Na watoto je? Baba Mkenya, mama Mtanzania. Wana uraia wa wapi?

KaraniWaDarajani
Wa Tanzania wanao kwa mama na kwa kuzaliwa hapa. Kama na Kenya inawatambua kwa baba, wakifika miaka 18 sheria ya huku itawataka wachague. Hawahusiki na faili la baba yao.

MvitaChake
Nimeamua. Machi sipeleki. Barua za masheha wawili nazifuata wiki hii, orodha ya safari naiandika kwa mihuri, na kibali changu kinaisha Novemba 2026, kwa hiyo nahuisha mapema kisije kikaniangusha mlangoni. Nimebaki na harusi tu. Nimeshaandika barua ya kuuliza, kesho naipeleka afisi ya mkoa. Mama nimemwambia labda harusi ifanyiwe Chake, akanijibu kwani Chake kuna bahari ya kumpokelea bibi harusi?

MchangaWaKojani
Mwambie mama bahari ipo, atuletee bibi harusi kwa jahazi mpaka Wesha. Lakini wagongewe mihuri wote.

FundiMkoani
Jibu la barua likija lilete hapa mwalimu. Mimi bado nasema siku tano si kitu.